Barua ya wazi kwa wakuu wa Kaunti ya Mombasa: anayelima kwa nusu naye aandikwe

Kwa Mheshimiwa Gavana, kwa Mheshimiwa Waziri wa Kilimo wa kaunti, na kwa waheshimiwa wawakilishi wa wadi zetu.

Asalaam aleikum, na kwa wasio wa salamu hiyo, hamjambo.

Nawaandikia kutoka Mwakirunge, Kisauni. Wengi wa mjini wanaijua Mwakirunge kwa lile jaa la taka. Sisi tunaijua kwa biringani, bamia, mchicha na mihogo inayoshuka Soko la Kongowea alfajiri kabla nyinyi hamjaamka. Shamba ninalolima si langu. Wakulima wengi ninaowajua upande huu wa Kisauni, na wengine wa Mtongwe na Jomvu, wanalima ardhi ya mtu mwingine: wako wanaokodi kwa pesa, wako wanaolima kwa nusu au thuluthi ya mavuno, na wako walioambiwa tu "lima hapo mpaka nitakapopahitaji".

Kabla sijashika jembe nilikuwa karani kwa wakili mmoja mjini kwa miaka 11. Nilipanga mafaili, nikapeleka hati mahakamani, nikasikia kesi za ardhi mpaka zikanichosha. Nalisema hili si kwa kujisifu, maana elimu hiyo haikuniokoa yaliponifika. Ila imenisaidia kujua wapi hasa kamba ilikatika, na wapi nyinyi mnaweza kuiunga bila kungoja Nairobi.

Nianze na yaliyonipata. Mwezi wa Machi nilikubaliana na mwenye shamba mmoja, mzee anayekaa mjini, nilime nusu ekari yake. Tulikubaliana chini ya mwembe, tukapeana mkono, tukanywa maji ya dafu. Yeye angetoa ardhi na maji ya kisima, mimi ningetoa mbegu, samadi, dawa na kazi. Mavuno nusu kwa nusu. Hakuna aliyeandika chochote, na kusema kweli ningemwomba aandike angeniona namshuku. Hivyo ndivyo mambo yanavyokwenda kwetu.

Msimu wa kwanza ulikuwa wa biringani. Niliatika miche, nikaihamisha mvua ya masika ilipokolea, na kutoka mwisho wa Juni hadi Septemba nikawa nachuma kila wiki. Jumla niliuza ya shilingi 84,000. Gharama zangu zilikuwa 27,000: mbegu, lori moja la samadi, dawa za wadudu, mafuta ya pampu na vibarua wa palizi. Hapo ndipo tulipogundua kwamba neno "nusu" lina maana mbili. Mimi nilidhani tunatoa gharama kwanza, kisha tunagawana kilichobaki, yaani 57,000 kwa wawili, kila mtu 28,500. Mzee alidhani tunagawana mauzo yenyewe: yeye 42,000, mimi 42,000, na gharama ni shauri langu. Kwa hesabu yake mimi ningebaki na 15,000 kwa miezi sita ya jua, naye apate karibu mara tatu yangu kwa kuwa na ardhi.

Hakuwa mdanganyifu. Alikuwa akisema alichokiona kwa baba yake, wakati ambapo mkulima hakununua kitu dukani. Mbegu ilitoka kwenye mavuno ya jana na samadi ilitoka zizini. Mgao wa nusu ulikuwa na haki yake katika kilimo kisichokuwa na gharama. Siku hizi dawa na mbegu zinakula karibu thuluthi ya mauzo, na nusu ile ile imegeuka kuwa kitu kingine bila mtu yeyote kubadilisha neno. Tulivutana wiki mbili tukamalizana katikati, na kila mmoja akabaki na kinyongo kidogo.

Wenzetu wa Bangladeshi walilitatua jambo hili kwa sheria mwaka 1984. Mavuno ya shamba la mgao hugawanywa mafungu matatu: fungu moja la mwenye ardhi, fungu moja la mwenye jasho, na fungu la tatu ni la aliyegharamia mbegu, mbolea na mengineyo, wakichangia wote wawili, wanaligawana kwa kadiri kila mmoja alivyotoa. Chukueni biringani zangu. Thuluthi ya 84,000 ni 28,000. Mzee angepata 28,000 za ardhi. Mimi ningepata 28,000 za jasho na 28,000 za gharama, nitoe 27,000 nilizotumia, nibaki na 29,000. Tunakaribia kulingana, na hakuna haja ya kufukua risiti na kuulizana kama mafuta ya pampu kweli yalikuwa lita ngapi. Siwaambii muige sheria ya watu. Nawaonyesha kwamba ugomvi wetu una jibu linaloweza kuandikwa kwa sentensi moja kabla jembe halijagusa ardhi.

Hata masheikh wetu wanalijua suala hili, kwa jina la muzaraa, na husimulia jinsi Mtume (s.a.w.) alivyowaachia watu wa Khaibar mashamba wayahudumie kwa nusu ya mazao. Na lipo sharti wanalolitilia mkazo: fungu la kila mtu liwe sehemu inayojulikana ya mavuno yote, si kipande cha shamba. Mtu asiseme "ya upande wa kisimani yangu, ya upande wa mawe yako", kwa kuwa upande mmoja unaweza kukauka na mwingine ukastawi. Nilicheka niliposikia darsa hiyo, maana mzee wangu alishawahi kupendekeza hayo hayo, na upande aliojichagulia mnaujua.

Sasa nije kwenye lililoniumiza. Mvua za vuli zilipoanza, katikati ya Oktoba, nilipanda mihogo kwenye robo ekari na kunde katikati ya mistari. Kunde tulivuna, mzee akapata nusu yake. Mwezi wa Januari nilianza kuona mambo. Nilimtumia fungu lake la mwisho kwa M-Pesa akanirudishia, akisema niziweke kwanza. Wiki iliyofuata nikakuta vigingi vya wapima ardhi kwenye pembe za shamba. Kisha akaja kijana mmoja, dalali, na karatasi iliyochapwa tayari, akaniambia niweke sahihi ili "nitambulike". Niliisoma. Iliandikwa kwamba mimi ni mlinzi wa shamba niliyeruhusiwa kupanda mboga za kula nyumbani.

Waheshimiwa, kama kuna mkulima anayesoma barua hii pamoja nanyi, naomba ayashike mambo hayo matatu, kwa sababu huja kwa mpangilio huo. Mwenye shamba anayekataa kupokea fungu lake hana huruma ya ghafla. Anaogopa kwamba kupokea ni kukiri wewe ni mpangaji wake. Vigingi vina maana kuna mnunuzi. Na karatasi ya mlinzi ndiyo kisu chenyewe, maana ukiitia sahihi umejivua upangaji kwa mkono wako. Mimi sikutia. Lakini jirani yangu wa shamba la pili alitia, kwa sababu aliahidiwa shilingi 3,000, naye hasomi vizuri.

Katikati ya Februari mnunuzi alifika mwenyewe. Alikuwa mtu wa adabu, sina la kumsema. Alinipa wiki moja nitoe vitu vyangu, kwa sababu trekta ilikuwa imeshalipiwa. Nilimwambia mihogo ina miezi minne. Akasema chimba uende nayo. Niling'oa shina moja mbele yake ili aone: mizizi mitano, minene kama kidole gumba, mieupe, haina unga. Mhogo wa miezi minne si chakula wala si mbegu. Ungekuwa wa miezi kumi ningekuwa na kitu cha kupakia.

Nilikwenda kwa chifu. Alinisikiliza vizuri, kisha akauliza swali moja: una karatasi?

Swali hilo ndilo linalonifanya niandike. Kila mtu katika kisa hiki aliamini kwamba kwa kuwa sina karatasi sina haki, na kwa kuwa ardhi imeuzwa, mnunuzi hanijui. Chifu aliamini hivyo, mnunuzi aliamini hivyo, na kama singekuwa karani ningeamini mimi pia. Yote mawili si kweli.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, kifungu cha 58, inasema upangaji wa muda mfupi, yaani usiozidi miaka miwili na usio na haki ya kuongezwa, unaweza kufanywa kwa mdomo. Kupeana mkono chini ya mwembe kunatosha. Kifungu cha 57 kinasema mwenye ardhi akimruhusu mtu kuishika ardhi peke yake kwa kodi bila maandishi, huo unahesabiwa kuwa upangaji wa vipindi, na kuuvunja kunahitaji notisi isiyopungua kipindi kimoja. Kifungu hicho hicho kinaitaja ardhi ya kilimo mahususi na kuipa kipindi cha miezi sita. Hesabuni nami: Februari kwenda miezi sita ni Agosti. Mihogo iliyopandwa Oktoba inatimiza miezi kumi Agosti. Sijui kama walioiandika sheria walikuwa na mhogo akilini, lakini notisi ya miezi sita ingenivusha mpaka kwenye mavuno.

Na mnunuzi? Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka huo huo wa 2012, kifungu cha 28, ina orodha ya haki zinazoibana ardhi hata kama hazikuandikwa kwenye rejista. Upangaji usiozidi miaka miwili umo, na upangaji wa vipindi umo. Maana yake, anayenunua shamba lenye mpangaji wa namna hiyo hulinunua pamoja na mpangaji wake mpaka notisi iishe. Hati yake safi haimfuti mkulima aliyekuwa anapalilia siku ya kuuziana. Ndiyo maana wakili mwangalifu humwambia mteja wake aende akalione shamba kabla ya kulipa: kama kuna mistari ya mihogo, kuna mtu.

Lakini nisiwadanganye kwamba njia ni nyeupe. Sheria inasema "kodi", na sisi wa mgao hatulipi kodi ya pesa. Wakili wa upande wa pili atasimama aseme nusu ya biringani si kodi, huyu alikuwa kibarua aliyelipwa kwa mazao, au alikuwa na ruhusa tu, na ruhusa hufutwa. Hapo mahakama hutazama mambo madogo madogo. Nani aliamua kitapandwa nini? Nani alinunua mbegu? Mwenye shamba alikuwa akiingia na kutoka apendavyo, au alibisha hodi? Hasara ingetokea ingekuwa ya nani? Mimi ningekuwa na majibu mazuri kwa maswali yote manne. Jirani yangu aliyetia sahihi ulinzi angekuwa na kazi ngumu, ingawa alifanya kilimo kile kile, kwa masharti yale yale, ng'ambo tu ya ua.

Iko pia kanuni ya zamani ya sheria za Kiingereza, ambazo mahakama zetu huruhusiwa kuzifuata panapofaa, kwamba mpangaji ambaye muda wake umekatizwa ghafla bila kosa lake anaweza kurudi kuvuna alichokipanda kwa jasho lake, kama mahindi na viazi. Haihusu miti. Haimhusu aliyevunja makubaliano mwenyewe, wala aliyejua tangu mwanzo siku ya kuondoka. Ni kanuni ya busara, lakini imejificha kwenye vitabu, na hakuna mkulima wa Mwakirunge atakayeitoa mfukoni trekta ikiwa imeshawashwa.

Tazameni basi jinsi sheria zetu zilivyomsahau. Aliyekodi kibanda cha duka hapa Mombasa bila maandishi analindwa na Sura ya 301 ya Sheria za Kenya: hawezi kutolewa bila notisi rasmi ya angalau miezi miwili, na akipinga anakwenda kwenye baraza lake la kodi za biashara. Tena sheria hiyo inamkumbatia zaidi yule asiye na maandishi kuliko mwenye mkataba mrefu. Mpangaji wa chumba ambacho kodi yake ya kisheria haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi ana Sura ya 296 na baraza lake. Mkulima wa kukodi hana baraza. Akitaka kubaki shambani inambidi aende Mahakama ya Mazingira na Ardhi, au kwa hakimu mwenye mamlaka hayo, atafute wakili na amri ya kuzuia, kwa ajili ya robo ekari ya mihogo. Ada ya wakili ingemeza mihogo na mimi juu yake.

Nilichofanya ni kuachana na shamba na kudai mazao. Mahakama ya Madai Madogo haigusi mgogoro wa nani ashike ardhi. Hilo limekatazwa waziwazi. Lakini inasikiliza madai ya mali iliyoharibiwa yasiyozidi shilingi milioni moja, huhitaji wakili, na sheria inaitaka imalize ndani ya siku 60. Mihogo iliyolimwa na trekta ni mali iliyoharibiwa. Nilianza kukusanya ushahidi, na hapo nikaona makosa yangu.

Jumbe za M-Pesa zilikuwepo, miezi mingi ya mafungu ya mzee, na sauti yake mwenyewe kwenye simu akiniuliza biringani zimepata bei gani wiki hii. Hizo zilikuwa dhahabu. Lakini kwa kawaida karatasi iliyochapwa kutoka kwenye simu haipokelewi mahakamani hivi hivi. Inataka cheti cha kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, ambacho ni maelezo mafupi yenye sahihi yanayosema simu ni ya nani, ilikuwa inafanya kazi sawasawa, na nakala ilitolewaje. Hilo nililijua. Nililolikosa ni hesabu ya mazao. Mihogo ikipandwa mita moja kwa mita moja, robo ekari inabeba mashina kama 1,000. Kwa kilo mbili tu kwa shina, na shilingi 20 kwa kilo shambani, ilikuwa 40,000, na ndani yake mna nusu ya mzee. Ila nilipomwomba afisa wa kilimo aje aandike tathmini, trekta ilikuwa imepita siku mbili nyuma. Afisa alisimama kwenye udongo mwekundu uliogeuzwa, akaniuliza kwa upole nataka ahesabu nini.

Nilikuwa na picha nne, zote za mbali, moja nikiwa nimesimama mbele ya mihogo nikitabasamu. Mnunuzi alikubali mbele ya chifu kunilipa 9,000 na nikachukua, kwa sababu watoto walikuwa wanafungua shule. Faili la mahakama halikufunguliwa.

Hapo ndipo palipo na kazi yenu, waheshimiwa. Katiba imeiweka kazi ya kilimo mikononi mwa kaunti, Jedwali la Nne. Sheria za ardhi zenyewe ni za Bunge la Taifa, na siwaombi mzibadilishe. Nawaomba kitu kidogo kinachokaa ndani ya ofisi zenu: fomu ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, ipatikane bure kwa afisa wa kilimo wa wadi, na daftari la kuziandikisha.

Fomu hiyo isiwe ya mawakili. Iseme shamba liko wapi na mipaka yake ni nini, kwa kutaja mwembe na kisima kama hakuna namba. Iseme mkulima anaanza lini na kipindi ni kipi, na kwamba kuondolewa kunataka notisi ya miezi sita. Iseme nani anatoa nini, na mgao ni upi, gharama zikitolewa kwanza au la, kwa sababu kama mlivyoona hapo juu neno hilo moja liligeuza 28,500 kuwa 15,000. Iseme kwa herufi kubwa kwamba fungu la mwenye shamba ni kodi ya ardhi, ili yule wakili niliyemtaja akose pa kusimama. Na iseme kwamba shamba likiuzwa, kilichopandwa kitavunwa na aliyekipanda, au kitalipwa kwa tathmini ya afisa wa kilimo kabla ya trekta kuingia, si baada yake.

Makubaliano yakizidi miaka miwili, fomu hii haitoshi. Hayo yanataka mkataba wa maandishi na usajili, na afisa awaambie watu hivyo badala ya kuwapa matumaini ya karatasi ya bure.

Najua mtasikia kelele kutoka kwa wenye mashamba, nami nawaelewa. Pwani yetu ina historia yake. Hapa mtu anaweza kumiliki nyumba bila ardhi chini yake, na minazi ya mtu ikasimama kwenye shamba la mwingine. Ndiyo maana wapangaji hukatazwa kupanda mnazi au mwembe: mwenye shamba anaogopa kwamba mti ni mguu wa kwanza wa madai. Juu ya hofu hiyo kuna ile ya miaka 12, kwamba mtu akikaa sana kwenye ardhi yako anaweza kwenda mahakamani akaandikwa mwenyewe. Kwa hiyo wengi huona usalama wao uko katika kutoandika chochote na kumtoa mkulima kila baada ya misimu michache.

Wamekosea upande. Anayehesabiwa hiyo miaka 12 ni yule aliyeikalia ardhi bila ruhusa ya mwenyewe. Anayelima kwa makubaliano analima kwa ruhusa, na fomu yenye sahihi ya mkulima ikisema "shamba hili ni la fulani, nami nalilima kwa nusu" ndiyo kinga bora ambayo mwenye shamba anaweza kuwa nayo. Kuhusu miti, iandikwe tu: hakuna kupanda vya kudumu bila idhini, na vikipandwa kwa idhini vitalipwaje. Mzee wangu angelielewa hili kabla ya kikombe cha kahawa kupoa, lau mtu mwingine si mimi angemweleza.

Hilo la mtu mwingine si dogo. Mkulima hawezi kuwa wa kwanza kutoa karatasi, kwa sababu mwenye shamba ana watu wengine watano wanaongoja nafasi hiyo. Karatasi lazima itoke ofisini. Njia nyepesi ninayoiona ni hii: kaunti inapogawa mbegu au mbolea ya ruzuku, jina la mkulima huandikwa. Ulizeni hapo hapo, shamba ni lako au la mtu? Kama ni la mtu, fomu hii hapa, na mbegu anaipata hata kama mwenye shamba bado hajatia sahihi, ila jina la mwenye shamba na msimu viingie kwenye daftari. Ingizo hilo peke yake, lenye tarehe na muhuri, lingemjibu chifu wangu lile swali lake.

Kwa waheshimiwa wa Bunge la Kaunti nina moja zaidi. Nyinyi mnaweza kupitisha hoja ya kuiomba Bunge la Taifa limpe mkulima mpangaji baraza lake, au limwingize kwenye mabaraza yaliyopo, pamoja na mstari mmoja wa kusema wazi kwamba fungu la mazao ni kodi. Muda utapita kabla ya hilo kutokea. Fomu inaweza kuanza masika haya.

Nimeshaiandika rasimu, kwa mkono, pande mbili za karatasi moja. Nimewasomea wakulima sita wa huku, na wenye mashamba wawili. Mmoja wao ameomba sehemu ya maji ya kisima iwekwe sawa zaidi, na yuko sahihi, maana sikuwa nimeandika nani analipa pampu ikiharibika. Nitaileta kwenye ofisi ya kilimo ya wadi Jumatatu, baada ya kuchuma bamia. Mwenye shamba ninalolima sasa ni mama mmoja wa Bamburi. Ametia sahihi tayari, na kikombe chake cha chai kimeacha duara kwenye kona ya karatasi, naomba mniwie radhi kwa hilo.

Wenu,
Mkulima wa nusu, Mwakirunge